Nyota za ofisini, wiki ya mshahara

Haya wapendwa wa ghorofa ya 3, nyota zimesomwa na majibu yako mezani. Zuhura imekaa upande wa uhasibu, Zohali imesimama mlangoni kwa bosi tangu Jumatatu na haina dalili ya kuondoka, kwahiyo wiki ni ya kutembea kwa adabu. Kila mtu asome yake kwanza, najua mtasoma za wenzenu, lakini anzeni na zenu.

PUNDA (21 Machi – 19 Aprili)
Kuna asubuhi moja utachelewa na utasema foleni, hata kama umekuja na mwendokasi. Ukiandika kwenye grupu "nipo Magomeni hapa nakaribia" huku unatafuta soksi, ujue kuna mwenzako kashaifungua stetasi yako ya dakika mbili zilizopita na kitanda kinaonekana. Rangi yako ya bahati ni ya shati lililopigwa pasi mbele tu.

NG'OMBE (20 Aprili – 20 Mei)
Saa 4 ikifika akili yako itahamia kwenye chapati, na mtu akikuita kikaoni saa hiyo utaitika kwa mdomo tu. Halafu kuna suala la friji. Chakula chako kitapungua kidogo, si sana, vijiko viwili hivi. Kama hakijapungua basi rafiki yangu mwenye kijiko ni wewe, nyota haziongopi, omba radhi mapema na ununue mihogo ya wote.

MAPACHA (21 Mei – 20 Juni)
Utasema "naungana na aliyetangulia" bila kujua aliyetangulia kasema nini. Itapita salama.

KAA (21 Juni – 22 Julai)
Vita ya rimoti ya kiyoyozi inaendelea. Wewe una kitenge mabegani, mwenzako anajipepea na bahasha, na nyote wawili mna haki kabisa. Rimoti itapotea Alhamisi na kila mtu atasema hajaigusa.

SIMBA (23 Julai – 22 Agosti)
Wana Yanga mliozaliwa tarehe hizi poleni, nyota haijui dabi. Wiki hii utapewa kazi "ya haraka sana" saa 10 na nusu jioni, ushabeba begi, ushaaga, mguu mmoja uko kwenye lifti. Utaifanya kwa sababu una moyo mzuri, na aliyekutuma ataifungua wiki ijayo.

MASHUKE (23 Agosti – 22 Septemba)
Faili lako `ripoti_mwisho.docx` litazaa `ripoti_mwisho_2.docx` na hilo litazaa `ripoti_mwisho_kabisa_HII.docx`, na utakayoituma kwa bosi ni ile ya kwanza. Fungua kabla ya kutuma, nakusihi kwa upendo.

MIZANI (23 Septemba – 22 Oktoba)
Naona kadi ya mchango wa harusi inakujia, inatembea meza kwa meza, na ghafla ofisi nzima inapokea simu muhimu. Ulishasema "nitatuma jioni" jioni nyingi sana. Mweka hazina naye ana nyota yake na imeandikwa jina lako, tuma hata 10,000 ulale usingizi.

NGE (23 Oktoba – 21 Novemba)
Chaja uliyoiazima "dakika tano" imeanza kukuita mama. Irudishe.

MSHALE (22 Novemba – 21 Desemba)
Angalia unaandika grupu gani!! Kuna grupu lenye bosi na kuna lile lingine, na yanafanana picha. Nyota inaona voisi noti, inaona kucheka, inaona kidole kinakimbilia kufuta huku tiki zimeshakuwa za bluu.

MBUZI (22 Desemba – 19 Januari)
Printa itakwama karatasi mikononi mwako, utaangalia kushoto, utaangalia kulia, kisha utarudi kukaa kama vile hujawahi kuiona. Anayekuja nyuma yako ndiye atakayeitwa mharibifu, na mara nyingi huyo ni dada wa mapokezi ambaye hana kosa hata kidogo, mwoneeni huruma jamani.

NDOO (20 Januari – 18 Februari)
Ijumaa kuanzia saa 9 utakuwa bize kweli, eksel iko wazi, uso umekunjwa, na chini yake kuna bei za nyumba za Bagamoyo za wikiendi. Mtu mrefu atapita nyuma yako.

SAMAKI (19 Februari – 20 Machi)
Mwezi wako ulikuwa mrefu. Kuanzia tarehe 23 utaanza kuangalia simu kila ikilia, meseji ya kwanza itakuwa ya kununua bando, ya pili mtu anasema tuma kwa namba hii, ya tatu ndiyo yenyewe, mshahara umeingia. Furahi, kula kuku. Ya nne ni ya mkopo, imekatwa.