TAARIFA KWA WAGENI WETU: HARUSI YA NEEMA NA DAUDI, JUMAMOSI 16 MEI

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Ibada ni saa 8 mchana kama kadi inavyosema. Hapa nazungumzia ukumbini, kule kwenye bustani Mbezi Beach.

*MUDA*
Geti linafunguliwa saa 11 jioni. Saa 12 kamili tuwe tumekaa, maana maharusi wanaingia saa 12 na nusu na MC ameambiwa asisubiri mtu. Muziki unazimwa saa 5 na nusu usiku kwa sababu ya majirani, hivyo mkichelewa tunakula muda wa kucheza. Kadi uliyotumiwa kwenye simu ndiyo utakayoonesha getini. Singo ni mtu mmoja, dabo ni wawili. Watoto tuwaache nyumbani jamani, isipokuwa wasimamizi wadogo.

*MAVAZI*
Rangi zetu ni damu ya mzee na krimu. Akina baba, suti au shati la kitenge, vyote sawa. Kina shangazi na mama wadogo wana sare yao (fundi akumbushwe kabla ya Alhamisi, tunamjua). Nyeupe tumwachie bibi harusi. Na dada zangu, pale chini ni nyasi na masika haijaisha: kisigino chembamba kitazama. Vaeni kisigino kinene au bebeni ndala kwenye mkoba. Mahema yapo, mvua isiwatishe.

*NJIA*
Kutoka Mwenge, shika Barabara ya Bagamoyo, pita Lugalo na Tangi Bovu mpaka Africana, kisha kata kulia kuelekea baharini. Kona ya pili kushoto, penye duka la dawa, mtaona bango lenye majina yao. Geti ni la bluu.
Mnaotoka upande wa Kimara, msihangaike na foleni ya Ubungo. Ingieni Mbezi Mwisho, piteni Goba, mtatokea Tangi Bovu, kisha kushoto mpaka Africana.
Wa daladala, pandeni la Tegeta au Bunju, mshuke Africana. Bajaji zipo hapo hapo, patana bei kabla ya kupanda.

*MAEGESHO*
Ndani ya geti ni magari ya maharusi, wazazi na wazee wasioweza kutembea tu. Wengine wote, pamoja na Kosta ya Moshi, ni uwanja wa shule ya msingi ng'ambo ya barabara. Tumeruhusiwa, na walinzi watakuwepo mpaka mwisho. Kona ya kushoto kabisa ina tope, gari dogo lisiende huko. Tafadhali sana, mtu asizibe geti la jirani.

Ukipotea, piga simu kwa Mjomba Elia au Mama Happy, namba zao ziko kwenye maelezo ya grupu. Msiulizie humu siku hiyo, bibi harusi yumo na simu yake itakuwa kwa mpambaji.

Katibu wa Kamati