Taarifa kwa wateja: Daftari la Duka Toleo la 3 kukoma kuhudumiwa 30 Juni 2026

Dar es Salaam, 12 Januari 2026

Ndugu Mteja,

Tunakuandikia wewe unayetumia Toleo la 3 la programu yetu ya mauzo na stoo, Daftari la Duka. Toleo hilo tutaacha kulihudumia Jumanne, 30 Juni 2026. Kama huna hakika unatumia toleo lipi, fungua programu, bonyeza Msaada, kisha Kuhusu. Ukikuta namba inayoanza na 3, taarifa hii ni yako.

Kwanza tukutoe hofu. Programu haitazimwa. Asubuhi ya Julai Mosi itafunguka kama kawaida, utauza na utatoa ripoti, na data zako zitabaki kwenye kompyuta yako. Kinachokoma ni kazi tunayoifanya nyuma yake. Hadi 31 Machi tutaendelea kurekebisha kasoro za kila aina. Kuanzia hapo hadi 30 Juni tutaziba mianya ya usalama tu. Baada ya hapo, ukitupigia kuhusu Toleo la 3 tutakusaidia kuhamia Toleo la 5, basi.

Kwa nini sasa? Toleo la 3 linahifadhi data kwenye MySQL 5.7, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia Oktoba 2023. Wateja wetu wengi wa toleo hilo bado wako kwenye Windows 7, iliyoachwa na Microsoft tangu 14 Januari 2020. Tumekuwa tukiweka viraka juu ya misingi ambayo wenyewe walishaondoka, na mwanya mpya ukigundulika humo chini hatuna uwezo wa kuuziba. Humo ndimo yalimo madeni ya wateja wako, bei ulizokubaliana na wasambazaji na mauzo ya miaka. Hatutaki kuendelea kukuambia kwamba ni salama wakati hatuwezi tena kuusimamia usalama huo.

Tarehe nayo tumeichagua kwa sababu. Bajeti ya Serikali husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza Julai Mosi. Kiwango cha VAT kikiguswa, au bidhaa ikitolewa kwenye msamaha, Toleo la 5 litapata sasisho. Toleo la 3 halitapata. Duka litakalobaki nyuma linaweza kuuza wiki nzima kwa hesabu ya kodi isiyo sahihi, na tofauti hiyo ikaja kuonekana wakati wa kuandaa ritani.

Kompyuta ya kuhamia

Toleo la 5 linahitaji Windows ya biti 64. Linafanya kazi kwenye Windows 10 na 11, ila Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama unanunua kompyuta, nunua yenye Windows 11. Ukipewa ya mtumba, muulize muuzaji kama ina TPM 2.0. Bila hiyo Windows 11 haiingii kwa njia rasmi, hata mashine ikiwa bado na nguvu. Printa za risiti na skana za USB tulizozijaribu zinafanya kazi bila mabadiliko.

Nakala rudufu kabla ya yote

Funga mauzo kwenye kaunta zote. Kwenye kompyuta kuu tengeneza folda `D:\nakala`, fungua Command Prompt, kisha andika amri hii kwa mstari mmoja:

```
mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --triggers --result-file=D:\nakala\daftari.sql daftari
```

Usiibadilishe sehemu ya `--result-file` kwa alama ya `>`. Ukifanya hivyo ndani ya PowerShell, faili huandikwa kwa mfumo mwingine wa herufi na MySQL hukataa kulisoma. Utaona faili lipo, lina ukubwa wa kuridhisha, kumbe halirudishiki.

Amri ikimaliza, hakikisha mstari wa mwisho wa faili unaanza na `-- Dump completed`. Usipouona, nakala imekatika njiani, anza upya. Ikikamilika, iweke kwenye flashi na flashi hiyo iondoke dukani. Nakala iliyo kwenye kompyuta ileile itaondoka na kompyuta hiyo siku ikiibwa au ikiungua.

Tafadhali usihamishe kwa Excel

Tunajua wapo wanaopenda kutoa orodha ya bidhaa kwa CSV, kuisafisha kwenye Excel, kisha kuiingiza upya. Tunakuomba usifanye hivyo. Msimbopau wa bidhaa kwa kawaida una tarakimu 13. Zile zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Excel huuchukulia kama namba ya hesabu na kuuonyesha kama `6.20E+12`, na ukihifadhi CSV hapo, tarakimu za nyuma zimepotea kabisa. Namba za ndani zinazoanza na sifuri, kama 00457, nazo hubaki 457. Matokeo yake skana inalia kaunta, bidhaa haipatikani, na foleni imesimama. Kifaa cha kuhamisha kilichomo ndani ya Toleo la 5 kinasoma faili la `daftari.sql` moja kwa moja na hakigusi namba hizo. Kama bidhaa zinahitaji kusafishwa, zisafishe baada ya kuhama, ndani ya programu.

Kama una faili la Excel linalovuta ripoti moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, tuambie mapema. MySQL 8.4 tunayoitumia sasa imezima kwa chaguo-msingi njia ya zamani ya kuthibitisha nywila, na konekta za ODBC za miaka ya nyuma zitagoma kuunganisha.

Siku ya kuhama

Chagua siku yenye wateja wachache, na kaa mbali na tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya ritani ya VAT. Kwenye Toleo la 3 chapisha ripoti tatu: thamani ya mali stoo, jumla ya wadaiwa, na risiti ya mwisho. Ukishahamisha, zichapishe tena kwenye Toleo la 5 na uzilaze pamoja. Zikipishana hata kwa shilingi chache, usianze kuuza, tupigie kwanza. Na usiuze kwenye matoleo yote mawili kwa wakati mmoja kwa sababu yoyote, kwani mauzo ya pande mbili hatuwezi kuyaunganisha baadaye.

Miaka iliyofungwa inahama pia, kwa kusomwa tu. Hata hivyo usiifute kompyuta ya zamani. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu za kodi kwa miaka 5, na ni heri uwe nazo mahali pawili.

Gharama

Mwenye mkataba wa huduma wa mwaka halipi chochote: leseni ya Toleo la 5, kuhamisha data na mafunzo ya nusu siku kwa wauzaji wako vimo. Asiye na mkataba atapewa leseni bure akihama kabla ya 30 Juni, na atalipia kazi ya fundi tu. Kuanzia Julai Mosi leseni itauzwa kwa bei yake kamili.

Mafundi wetu hawataweza kufika kwa kila mtu wiki ya mwisho ya Juni. Wenye tawi zaidi ya moja tunawaomba mjiandikishe kabla ya 31 Machi, tuanze na tawi dogo, tuliangalie wiki 2, ndipo tuendelee na mengine. Namba zetu ziko kwenye ukurasa wa Msaada ndani ya programu, na tunapokea simu Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Wako katika huduma,
Mkuu wa Huduma kwa Wateja
Daftari la Duka