Kasha la Redio ya Baba

Tangu tulipomzika baba, redio yake ya mbao ilikaa juu ya kabati la sebuleni kwetu Igogo, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwezi Juni, masika yalipokwisha na hewa ya ziwa kuanza kukauka, niliishusha, nikaiweka mezani juu ya blanketi.

Nilichomoa vitufe, nikafungua skrubu za chini na kuitoa mashine yenyewe pamoja na valvu zake, nikaihifadhi kwa ajili ya fundi wa umeme. Kazi yangu ilikuwa kasha. Vumbi nililiondoa kwa brashi laini, taratibu, kwa sababu sura ile nzuri ya nje ni ganda jembamba la mti lisilofika milimita moja, lililogandishwa juu ya mbao ya kawaida, na anayelivamia kwa msasa mkali hulitoboa kabla hajatambua. Unyevunyevu wa miaka mingi ulikuwa umelibandua upande wa kushoto. Niliingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano, nikafunika kwa nailoni, nikakaza jiriwa hadi kesho yake.

Kisha nilidondosha tone la spiriti mahali pasipoonekana. Rangi ikalainika na kunata kidoleni, nikajua kwamba ni shelaki, ambayo huyeyuka kwa spiriti na kwa hiyo hukubali kupakwa upya bila kukwanguliwa yote. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kilichonisumbua ni pembe ya chini kulia. Pale palikuwa na kiraka cha mbao nyekundu isiyofanana kabisa na kasha, kilichopigiliwa kwa misumari ya mitumbwi. Seremala mmoja mzee wa Mkuyuni, niliyemwamkia na kumwonyesha, alikitazama kwa muda mrefu.

“Hiki kitoe, mwanangu. Nitakuchongea kinachofanana.”

Jioni nilimweleza mama. Aliacha kuchambua dagaa.

“Kiraka hicho alikiweka baba yako,” alisema. “Ilikuwa Novemba 1978, usiku ule Mwalimu alipotutangazia kwamba uwezo wa kumpiga Amini tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mtaa mzima ulijaa humu ndani. Watu waliposimama kushangilia, meza ikapinduka. Asubuhi baba yako alikwenda mwaloni, akaomba kipande cha ubao kwa mafundi wa mitumbwi.”

“Mbona hakunieleza, mama?”

“Hukuuliza.”

Sikukitoa. Nilisugua kutu kwenye vichwa vya misumari, nikalisafisha kasha zima kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nikapaka shelaki nyembamba kwa pamba iliyofungwa ndani ya kipande cha shati kuukuu, tabaka baada ya tabaka, nikifuata nyuzi za mti na kusubiri kila tabaka likauke. Kiraka nacho nilikipaka, kikawaka wekundu wake.

Mama alikuja na kitambaa chake cha kufuma, kile kilichokuwa kikifunika redio zamani. Alikitandika juu ya kasha, kisha akakikunja upande wa kulia, ili pembe ile ionekane.