Hesabu ya wanga: wali na embe vya mchana

Shikamoo shangazi. Hii ndiyo hesabu uliyoniomba. Nimeiandika kwa ajili ya mlo wako wa Ijumaa: wali wa nazi, changu wa kuchemsha, mchicha, na embe dodo mwishoni. Ibandike ukutani jikoni, hata anayepika siku ambayo umechoka aione.

Kliniki imekuwekea gramu 60 za wanga kwa mlo wa mchana. Wali na embe vyote vinatoka katika fungu hilo hilo. Watu wengi wa kisukari wanapunguza wali, halafu wanakula embe zima kwa kuwa ni tunda. Tunda lina faida zake, ila sukari yake nayo inaingia kwenye damu, kwa hiyo lazima ihesabiwe.

Tuanze na sahani uliyoizoea. Wali vikombe viwili una wanga gramu 90. Embe dodo zima, ukishatoa ganda na kokwa, hubakiza kama gramu 300 za nyama, na humo mna wanga gramu 45. Jumla ni 135, yaani zaidi ya mara mbili ya fungu lako, na mchicha hatujaugusa.

Sasa sahani mpya. Wali uliopikwa, kila gramu 100 zina wanga kama gramu 28. Embe bivu, kila gramu 100 zina 15. Mchicha una kama 4 tu. Samaki hana wanga, na tui linaongeza kidogo sana. Shida ya tui ni mafuta, nayo ni hesabu nyingine.

Wali gramu 140: 140 × 28 ÷ 100 = 39
Embe gramu 100: 15
Mchicha gramu 100: 4
Samaki: 0
Jumla: gramu 58

Kwa macho, wali huo ni kikombe kimoja pungufu kidogo, kikombe cha robo lita, usioshindiliwa. Embe ni theluthi moja ya dodo. Lakini wiki mbili za mwanzo naomba utumie ile mizani ndogo ya jikoni, weka sahani tupu kwanza, irudishe kwenye sifuri, ndipo upakue. Macho yetu yanapunja sana kwenye wali, hasa ukiwa na njaa.

Kuna jambo la sufuria. Namba 28 ni ya wali wa kawaida. Ukipika mkavu, maji ni machache na wanga kwa kila kijiko unapanda. Pima hivi: mchele mbichi nusu kilo una wanga kama gramu 400. Ukiiva, pima wali wote. Ukiwa gramu 1,400, gawanya 400 kwa 1,400, zidisha kwa 100, unapata 28 na ushee. Ukiwa gramu 1,200 tu, kila gramu 100 zina 33, na sehemu yako inashuka hadi gramu 120. Mchele wa Kyela au wa kutoka nje, tofauti ya wanga ni ndogo. Usimwamini muuzaji anayekuambia wake hauna sukari.

Embe likiisha msimu, weka kimojawapo chenye wanga kama gramu 15: papai gramu 140, tikiti gramu 200, chungwa moja la wastani, au nusu ya ndizi mbivu ya wastani. Chagua kimoja tu. Juisi usiweke kabisa, maana glasi moja hubeba matunda kadhaa na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Na siku ya maharage badala ya samaki, nusu kikombe kina wanga kama gramu 20, basi punguza wali gramu 70.

Nakusihi usifanye kinyume pia, ukaacha wali wote ili embe liwe kubwa, au ukaruka mlo. Unameza glibenklamidi pamoja na metformini, na hiyo ya kwanza inaweza kushusha sukari chini mno usipokula. Ukitetemeka au ukatoka jasho la ghafla, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, upime tena.

Ijumaa pima sukari kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Tunataka ya pili iwe chini ya 10 mmol/L. Andika zote mbili pamoja na uzito wa wali na wa embe. Ikizidi 10 Ijumaa mbili mfululizo ukiwa umefuata vipimo hivi, usijipunguzie chakula wala usijiongezee dawa mwenyewe. Nitakusindikiza kliniki na daftari hilo, daktari aone.