Mchuzi wa papa wa Bibi

Barua yenyewe ilikuwa kwenye kasha la mama hapa Muheza, imekunjwa mara nne ndani ya leso, na mi nisingeigusa kama Salma asingeomba. Salma ni mtoto wa mjomba, kazaliwa Uingereza, Kiswahili anakiokotaokota tu, akanitumia voisi, dada nitafsirie ile barua ya mchuzi wa papa, nataka nimpikie baba Idi hii. Nikasema haya, kazi ya jioni moja.

Bibi alikuwa mtu wa Sahare, Tanga. Shule hakwenda, alisoma chuoni, kwa hiyo Kiswahili chake chote aliandika kwa herufi za Kiarabu. Mama naye akapelekwa shule, herufi zile hakuzishika, hivyo barua ilipomfikia 1986 alisomewa na mwalimu wa madrasa wa jirani. Akaikunja, akaiweka.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. "Papa mkavu mloweke tangu magharibi, maji ubadili mara tatu. Asubuhi mchemshe, umkwangue mchanga wote wa ngozini. Kuna nazi mbili, tui la kwanza liweke kando, tui la pili ndo umpikie pamoja na bilingani na embe mbichi. Tui zito litie mwisho, ukoroge usiondoe mkono, likikatika ndo basi." Nikawa nasikia na harufu kabisa, maana kwa Bibi papa akipikwa nyumba ya tatu wanajua.

Halafu ukurasa wa pili.

"Papa yuaja Ijumaa kwa basi la asubuhi." Sawa, samaki katumwa na basi, hata leo watu wanatuma mizigo hivo. "Ana chumvi kali mwanangu, lakini chumvi ndo iliyomweka miaka yote hii. Usimtie motoni siku hiyohiyo. Ngozi yake msasa, ukimpitishia mkono kinyume atakukwangua, mfuate anakolalia. Watu watakwambia ananuka. We mpokee."

Ukweli ngozi ya papa iko hivo, upande mmoja laini upande mwingine inachubua, sikushtuka. Nilichokwama ni Kiingereza, kwa sababu kile kina neno la mtu na neno la kitu, lazima uchague, sisi tunasema mpokee, mfuate, mloweke, samaki na binadamu wote wamo humohumo. Nikaandika kama kitu. Nikafika hapa: "Kuomba radhi hajui, hajapata kujua. Akikaa kimya barazani ujue ndo anaomba." Nikafuta. Nikaandika upya. Nikafuta tena.

Papa gani anakaa barazani?

Nikapiga picha karatasi nikaikuza kwenye simu. Kiarabu hakina p, na wazee wengi walikuwa wanaandika b tu, msomaji ajijazie mwenyewe. Ila Bibi ukurasa wa kwanza kila palipo na papa kaweka nukta tatu chini ya herufi, ndogondogo, amezipanga kama punje za mtama. Ukurasa wa pili nukta ni moja. Mi nilidhani wino ulikuwa unamwishia. Nikahesabu, pote moja, hakuna hata mahali pamoja alipojisahau.

Baba yuaja Ijumaa kwa basi la asubuhi.

Mama na Babu hawakuwa wanasemeshana toka mama aolewe na baba yangu, Babu hakumtaka mtu wa bara, harusini hakutia mguu. Hiyo nyumbani kila mtu anaijua. Nikaenda jikoni nikamsomea mama polepole, ukurasa wa pili wote, kwa b.

Alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Alikuja," akasema. "Ijumaa. Ana kikapu cha ukili, kakaa pale barazani mpaka adhana ya adhuhuri. Mi nkajua kaja kunigombeza. Tena nlikuwa nimekasirika, nilienda stendi asubuhi kupokea samaki sikumkuta, nkarudi namlaumu mamangu." Akanyamaza. "Nkamtuma mtoto akamwambie sipo."

Mtoto ni mimi. Nilikuwa na miaka mitano na nakumbuka yule mzee, nakumbuka alinipa embe mbichi mbili kutoka kwenye kikapu akaniambia mpe mama, na mi sikumpa, nilikula na chumvi nyuma ya nyumba. Babu alifariki 1988.

Sikujua nianzie wapi kumwambia. Nikamwambia hivohivo, nimesimama mlangoni na simu mkononi.

Mama aliniangalia muda mrefu. Kisha akauweka ungo chini.

"Kulikuwa na embe?"

"Mbili."

"Nisomee tena," akasema, "pale pa maji mara tatu."