Cha Lazima au cha Hiari?

Shairi la kufungua mdahalo wa Chama cha Kiswahili, Jinja, Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai

Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi, walimu wetu, wenzangu. Nimepewa dakika tano niiweke hoja mezani kabla wasemaji hawajaanza kurushiana maneno. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze hapa Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni lazima Kidato cha Kwanza na cha Pili. Ukifika cha Tatu unaruhusiwa kukiacha, na wengi mliomo humu mmekwisha kukiacha. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa, kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likataka kiwe somo la lazima, msingi na sekondari. Lakini wazee wetu wanakumbuka mwaka mwingine, 1973, Idi Amini alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, na kumbukumbu hiyo haitulii kirahisi. Kwa hiyo msidhani tumekuja kusherehekea tu. Tumekuja kubishana, na mimi nafurahi kwamba tunabishana kwa lugha yenyewe inayoshtakiwa.

Hoja inasema: Kiswahili kiwe somo la lazima hadi Kidato cha Nne. Mstari wa mwisho wa kila ubeti ni wa ukumbi mzima. Nikiinua mkono, itikieni hadi wa jikoni wasikie.

Hodi hodi ukumbini, salamu zangu walimu,
Wenzangu madawatini, mlionoa kalamu,
Nina hoja mkononi, ina chumvi na utamu:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Kidato kwanza na pili, sisi sote twakisoma,
Miaka yote miwili, tunatunga na kusema,
Cha tatu huja kibali, anayetaka kuhama:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Hoja ya leo ni hii, vichwa juu tuonane:
Somo hili la jamii, lifike kidato nne,
Asemaye “Hatutii!”, naye aje tumuone:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Posho yetu ni lazima, maharage kila siku,
Embe letu la kuchuma, twalitaka kwa shauku,
Kwa embe tu wasimama, hadi prepu ya usiku?
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

(Nageukia meza ya kuunga.)

Wa kuunga watasema, katiba ilishaanza,
Ni cha pili kwa heshima, Kiingereza cha kwanza,
Cheo bila kukisoma, nani atayekitunza?
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Samaki wetu mukene, akivuka ni omena,
Mwanza nenda umuone, ni dagaa, lake jina,
Wachuuzi wapatane, bila lugha ya kunena?
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Nchi nane twatimia, Arusha ndiko makao,
Goma hadi Somalia, watu na mizigo yao,
Wateja wakiingia, nani mwenye neno lao?
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Omuntu akawa mtu, abantu wakawa watu,
Omuti ni mti wetu, emiti, miti ya kwetu,
Ni shangazi, damu yetu, karudi ana viatu:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Na Jinja ukitazama, nyumba zile Walukuba,
Makabila yalihama, kiwanda kikawabeba,
Uani wakisimama, pengo nani aliziba?
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Mama ana simu yake, mnunuzi yu Kisumu,
Hufuta vidole vyake, hunikabidhi jukumu,
Mananasi bei yake, naitaja kwa nidhamu:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

(Nageukia meza ya kupinga. Hapa naomba ukimya, maana babu zetu wamo humu.)

Wa kupinga nao wana, kisa cha zama za jeshi,
Babu angali kijana, akiogopa kuishi,
“Toa kitu!” ikinena, bunduki kwa matamshi:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Amini akatangaza, lugha ya taifa zima,
Woga ukakipumbaza, wengi hawakukisoma,
Lazima haikukuza, mapenzi ya kukisema:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Lugha haina bunduki, mkono ndio hushika,
Leo yaleta riziki, sokoni inasikika,
Babu bado ana dhiki, akisikia hushtuka:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Watauliza, Kisoga, kitakaa chumba gani?
Lugha ya mama ya soga, ya jikoni na shambani,
Isije kupata woga, ikafichwa uvunguni:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Watasema na walimu, wako wapi wa kutosha?
Yupo mmoja na hamu, vipindi vyamzungusha,
Tena kitabu adimu, sita chawakutanisha:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Na mwenzangu kakiacha, akachagua kompyuta,
Shabaha hakuificha, ndoto yake aifata,
Lazima ina makucha, ni haki kumkamata?
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

(Nasimama katikati.)

Nami upande ninao, sioni haya kutaja:
Walimu, vitabu vyao, vije kwanza, ndiyo haja,
Lazima nyuma ya hao, hapo nitaunga hoja:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Tusichekane usemi, Arua hadi Kabale,
Asemaye kwa ulimi, “lafiki”, asonge mbele,
Hoja hiyo haihami, maana ni ile ile:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Mtunza saa, kengele, usiipige kwa pupa,
Msemaji wa kelele, alama hatutampa,
Mwenye ushahidi tele, makofi tutamlipa:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?

Mwenyekiti, nimekoma, meza yako naipanga,
Wa kuunga kasimama, tai yake anafunga,
Wa kupinga anahema, penseli anaichonga:
Kiswahili cha lazima, ama kiwe cha hiari?