Makabidhiano ya mfumo wa kuchapisha: 3 hadi 30 Agosti 2026

Dada, kuanzia Jumatatu boti ya kuchapisha ni yako mpaka nirudi. Inasoma jedwali la `RATIBA`, inachukua kila mstari ulioandikwa `TAYARI`, na kuutuma kwenye chaneli yetu ya Telegram na ukurasa wa Facebook saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni. Siku nyingi hutakuwa na la kufanya zaidi ya kupitia jedwali asubuhi na jioni.

Kuisimamisha

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo litakalokuhitaji wewe hasa. Boti haijui kwamba kuna msiba. Basi likipinduka alfajiri au kiongozi akifariki, saa 1 itatuma kichekesho cha wiki na tangazo la ofa ya simu kama kawaida. Ukisikia habari ya namna hiyo, usisubiri kikao wala ruhusa ya mtu:

```
touch /opt/chapisha/SIMAMA
```

Faili hilo likiwepo, hakuna kinachotoka. Ukishasimamisha ndipo umpigie mhariri wa zamu, naye ataamua lini tuendelee. Kuiwasha tena:

```
rm /opt/chapisha/SIMAMA
```

Usihofu kwamba vilivyolala vitamwagika vyote kwa pamoja. Mstari uliopitwa kwa zaidi ya saa mbili hauchapishwi. Unaandikwa `IMEPITWA`, nawe utaupangia muda mpya ukiona bado unafaa. Matangazo ya kulipiwa ni yale ya safu ya njano. Likipitwa hata moja, mwambie mtu wa matangazo siku hiyohiyo, maana mteja atauliza.

Saa

Seva inatumia UTC, saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo ukifungua `crontab -l` utaona hivi:

```
0 4,10,15 * * * flock -n /tmp/chapisha.lock /opt/chapisha/tuma.sh
```

Iko sawa, usiirekebishe. Kwenye jedwali, kwa upande mwingine, tunaandika saa za hapa kwa mfumo wa saa 24: `07:00`, `13:00`, `18:00`. Waandishi wapya hupenda kuandika 7:00 wakimaanisha saa saba mchana, halafu ofa ya chakula cha mchana inatoka watu wakiwa kwenye chai. Pitia safu hiyo kila jioni.

Ikigoma

Mstari ulioshindikana huandikwa `IMESHINDWA`, na sababu iko mwishoni mwa `/var/log/chapisha.log`. Kabla ya kuutuma upya, fungua chaneli uangalie kwa macho. Mtandao ukikatika katikati, mara nyingine Telegram inakuwa imeshapokea ujumbe ila jibu halikutufikia, na ukirudia, wasomaji watauona mara mbili. Kama kweli haupo, tuma huo peke yake kwa namba ya mstari:

```
/opt/chapisha/tuma.sh --mstari 214
```

Picha ikikataliwa Telegram, hesabu herufi kwanza kabla ya kuilaumu picha. Maelezo ya chini ya picha yana kikomo cha herufi 1024, ilhali ujumbe mtupu unafika 4096. Fupisha, au rudisha kwa mwandishi afupishe mwenyewe.

Ukiona `190` upande wa Facebook, tokeni imekufa. Mara nyingi ni kwa sababu mwenye akaunti iliyoitoa, yaani mhariri mkuu, amebadili neno la siri. Nimemwomba asibadili mpaka Septemba. Akilazimika, keti naye mtoe tokeni mpya. Hatua ziko kwenye faili `SOMA` pale pale kwenye folda. Tokeni haipiti WhatsApp, hata kama mnaharakishana.

Yaliyo njiani

Salamu za Nane Nane zimeshapitishwa, zitatoka Jumamosi asubuhi.

Za Maulidi nimeziacha `RASIMU` makusudi. Inatarajiwa karibu na tarehe 25 au 26, lakini mwezi hauna ratiba ya boti. Subiri BAKWATA watangaze, ndipo ujaze tarehe na kubadili kuwa `TAYARI`. Bango lina sehemu ya tarehe pia, kwa hiyo mwombe msanifu alimalizie siku hiyo.

Mfululizo wa mapishi una mistari ya kutosha hadi tarehe 21. Baada ya hapo mwandishi wake ameahidi kuleta mingine. Nadhani utamkumbusha, namfahamu.

Kunipata

Nitakuwa Tukuyu, na nyumbani mtandao unasumbua. Piga simu ya kawaida. Nipigie kama seva haiingiliki na msimamizi wake hapatikani, au kama kuna kitu kinachapishwa na hakuna kati yetu aliyekiandika. Kwa hili la pili, weka `SIMAMA` kwanza, kisha mwambie mhariri mkuu aondoe ruhusa ya boti kwenye chaneli, halafu ndiyo unipigie. Ruhusa yako ya seva inaisha 31 Agosti, siku nitakayorudi kazini.